Tangi Lisilo na Samaki

Kwa siku 39, mezani kwangu Mbagala lilikaa tangi la kioo lenye maji, mchanga, mawe matatu na sponji iliyotoa mapovu usiku na mchana. Samaki hakuwamo hata mmoja. Mtoto wa jirani, wa darasa la pili, alikuwa akipita kila akitoka shule. Anabandika paji la uso kwenye kioo, anachungulia nyuma ya mawe, kisha anauliza, "Mjomba, leo wamo?" Namjibu, "Bado. Kwanza tunawalisha wenye nyumba." Anaondoka akiwa hajaridhika, na kesho yake yuko palepale.

Siku hizo 39 ndizo ninazotaka kuzisifu, kwa sababu kabla ya hapo nilishafuga bila hizo, nikaua.

Tangi langu la kwanza nililijaza maji jioni, nikayaacha usiku kucha ili klorini ya bombani ipungue, na kesho yake nikatia gapi wanane. Muuzaji alikuwa ameniambia siku moja inatosha. Siku ya nne walipanda juu wote, midomo ikigusa uso wa maji kama wanaonyonya hewa. Nilimtoa mmoja kwa kichujio cha chai nikamtazama kwa karibu: matamvua yalikuwa yamevimba na kuwa mekundu kama jeraha bichi. Kilichonichanganya ni kwamba maji yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma gazeti lililowekwa nyuma ya tangi. Siku ya tisa alibaki mmoja.

Waliuawa na taka yao wenyewe. Samaki hali chakula bila kutoa amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo haitoki kwa kinyesi bali inavuja kupitia matamvua anapohema. Ziwani hilo si tatizo, maji ni mengi na walaji wa amonia wamejaa kwenye kila jiwe. Ndani ya lita 60 za maji mapya, mlaji hayupo. Amonia inajikusanya, haina rangi, na ikiwa kidogo haina hata harufu, huku inaunguza matamvua yaleyale inakotokea.

Walaji hao ni bakteria, nao wamegawana kazi. Kundi la kwanza, ambalo Nitrosomonas ni mmoja wao, hugeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, hata damu ikageuka rangi ya kahawa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Vitabu vya ufugaji vilizoea kulitaja kundi hili la pili kwa jina la Nitrobacter, hadi uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1998 ulipoonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na jamaa wa Nitrospira.

Makundi hayo mawili huchukua majuma mengi kujaa. Kwa nini wachelewe hivyo? Bakteria wa kuozesha hujigawa haraka, wengine kila dakika 20, kwa sababu wanakula vinono. Hawa wetu wanaishi kwa kuunguza amonia, kuni zenye moto mdogo sana, na kwa moto huo lazima wajijengee mwili kutokana na hewa ya kaboni iliyoyeyuka majini. Nitrosomonas akipata kila kitu anachotaka bado huhitaji saa nane au zaidi kuwa wawili, na wa kundi la pili kwa kawaida ni wazito kuliko yeye. Ndiyo maana Sergei Winogradsky, aliyewatenga mwaka 1890 akiwa Zurich, alifaulu pale tu alipoacha kuwaandalia mchuzi wa virutubisho uliozoeleka maabara na kuwapa chumvichumvi tupu. Ukiwapa vinono, wengine wanafika kwanza mezani.

Basi safari ya pili nilianza na chakula cha bakteria. Nililiweka tangi mbali na dirisha, juu ya meza ya mninga, maana lita 60 ni kilo 60 kabla hujahesabu mchanga na mawe. Pampu ya hewa nikaiunganisha na sponji. Hewa inapopanda ndani ya bomba huvuta maji yapite kwenye sponji, na humo, kwenye vitundu vyake, ndimo bakteria watakamojenga. Maji niliyaacha siku mbili kwenye ndoo wazi yakipigwa mapovu, kwa kuwa klorini inayowaua vijidudu bombani haitawabagua hawa. Hita sikununua: joto la Dar liliyaweka maji kwenye nyuzi 28, na hapo bakteria hawa wanastawi. Kisha nikaenda soko la Feri, nikanunua kamba wawili wabichi, nikawafunga kwenye kitambaa chepesi na kuwazamisha kona moja waoze.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na subira. Wanasikia tangi jipya lisubiriwe mwezi, wanalijaza maji, wanalitazama mwezi mzima, kisha wanatia samaki, na samaki wanakufa vilevile. Maji matupu hayakuzi kitu. Bakteria asiye na amonia hana cha kula, na mwisho wa mwezi tangi linakuwa jipya kama siku ya kwanza.

Siku ya tatu maji yaligeuka meupe kama yaliyooshewa mchele. Hao ni bakteria wa kuozesha, wale wenye haraka, wanaoelea huku wakiwala kamba. Mkono unawasha kumwaga maji yote na kusugua kila kitu. Niliuzuia. Weupe ulipotea wenyewe siku ya saba.

Nilikuwa na vipimo vya matone. Unachota maji kwenye kichupa, unatia matone, unatikisa, unasubiri dakika tano na kulinganisha rangi na kadi. Amonia huanzia njano na kuelekea kijani, nitriti huanzia samawati na kuelekea zambarau. Siku ya tano amonia ilikuwa miligramu 2 kwa lita, siku ya nane ikafika 4, nikawatoa kamba, kwa kuwa amonia ikizidi sana huwalemea hata wanaoila. Siku ya 11, chini ya kichupa cha nitriti, niliona wekundu mwembamba ukiingia ndani ya samawati. Nilikipeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua nikikigeuzageuza. Kundi la kwanza lilikuwa limefika.

Siku ya 17 amonia ilisoma sifuri. Kama ningekuwa na kipimo kimoja tu ningekwenda dukani siku hiyohiyo, na ningeua tena, kwani nitriti ilikuwa zambarau iliyokolea, juu ya mwisho wa kadi. Nikaendelea kutia bano dogo la chakula cha samaki kila siku ili kundi la kwanza lisife njaa. Nitriti haikusogea. Siku ya 20, zambarau. Siku ya 24, zambarau. Siku ya 26 nilibadilisha nusu ya maji, maana nitriti iliyorundikana kupita kiasi inaweza kuwachelewesha wanaoila. Watu huogopa kwamba kubadilisha maji kunamwaga bakteria, lakini wao hawaelei, wameshikana na sponji, mchanga na kioo kwa utando wa utelezi. Kinachowamaliza ni kuiosha sponji chini ya bomba la klorini, au kuiacha ikauke. Mimi huikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, na umeme ukikatika nawasha pampu ndogo ya betri, kwa sababu bakteria hawa nao wanahitaji oksijeni, tena nyingi.

Ziko njia za kufupisha. Aliye na rafiki mwenye tangi lililokwisha kuiva aombe kipande cha sponji yake, akitie ndani ya tangi jipya kabla hakijakauka. Ni kama kutia kijiko cha mtindi wa jana kwenye maziwa ya leo. Majuma yanaweza kupungua kwa nusu au zaidi, ila ugonjwa uliomo kwa rafiki nao unakuja. Chupa za bakteria za dukani nyingine zinafanya kazi na nyingine zimekufa njiani, na ni vipimo tu vitakavyokuambia ipi ni ipi. Na kama samaki wamo tayari na amonia inapanda, usiwatoe wala usikate tamaa: punguza chakula hadi bano dogo kila baada ya siku moja, badilisha theluthi ya maji kila siku kwa maji yasiyo na klorini, na nitriti ikionekana tia nusu gramu ya chumvi kwa kila lita. Chumvi huipunguzia nitriti nafasi ya kuingia kupitia matamvua.

Kwangu, siku ya 34 kichupa cha nitriti kilisoma miligramu 1 kwa lita. Siku ya 36 kilikuwa samawati tupu, na nitrati imepanda hadi nyekundu. Zambarau ya majuma matatu ikatoweka kwa siku chache, na ndivyo inavyokuwa kwa kitu kinachozaana kwa kujigawa: kinakwenda kimyakimya, halafu kinakuwa kingi kwa mara moja.

Bado nililitahini. Tangi lilikuwa na lita 50 za maji halisi ukitoa mchanga na mawe, nikapima theluthi moja ya gramu ya amonia kloridi, kiasi cha kufikisha miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24 amonia ilikuwa sifuri, nitriti sifuri. Siku ya 38 nikarudia, majibu yakawa yaleyale. Nikabadilisha robo tatu ya maji ili kushusha nitrati, kwa kuwa katika tangi la kawaida hakuna wa kuimaliza hiyo. Itapunguzwa na mimea kidogo, na ndoo yangu kila juma.

Umakini huo ulikuwa na sababu. Samaki niliowataka ni Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika, wadogo wa sentimita tatu au nne, wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Wanataka maji yenye pH ya juu, nami nilikuwa nimechanganya mchanga wa matumbawe hadi ikafika 8. Amonia ileile huwa kali zaidi katika maji ya namna hiyo: pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu yake yenye sumu huongezeka karibu mara kumi. Kiasi ambacho gapi angekistahimili kwingine, hapa kinaua.

Siku ya 40 nikawatia watano, na magamba kumi na mawili juu ya mchanga. Mtoto alifika na begi mgongoni. "Mjomba, mbona bado hawamo?" Nikamwambia anyamaze, atazame gamba la tatu kutoka ukutani. Ilichukua dakika kadhaa. Kwanza yalionekana macho mawili ya samawati kwenye mlango wa gamba. Kisha samaki mwenye mistari akatoka nusu, akabeba mchanga kwa kinywa, akageuka na kuutema upande wa pili, akarudi kuchukua mwingine.

"Anafagia," mtoto akanong'ona, na pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.