Fomu Iliyofasiriwa Nusu

Fomu tunayokusudia kuihakiki katika makala haya ni ile ya kuombea nakala ya cheti cha kuzaliwa, iliyowekwa katika tovuti ya ofisi moja ya umma. Ofisi hiyo hatutaitaja, kwani makosa tuliyoyakuta humo si yake peke yake. Kwa macho, fomu ni nzuri. Mfasiri wake hakuandika neno la ovyo; upatanisho wa sarufi ni sahihi, na mahali ambapo wengine wangeandika "aplikanti" yeye ameandika "mwombaji". Lau tungeletewa fomu hii ikiwa imepigwa chapa kwenye karatasi, tungeisifu na kuirudisha.

Lakini mwenzetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi asiyeona, alihitaji nakala ya cheti cha mwanawe kabla ya siku ya mwisho ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Aliijaza fomu hiyo mara tatu, na mara zote tatu ilimrudia bila yeye kujua alipokosea. Hatimaye alikwenda kwa kijana mmoja mwenye duka la kompyuta, akamtajia kwa sauti, mbele ya wateja wengine, jina la mama wa mtoto, tarehe za kuzaliwa za watu watatu na namba ya kitambulisho chake. Cheti alikipata. Siri ya nyumba yake ilibaki dukani.

Tuliketi naye siku nyingine, tukaifungua fomu ile ile, naye akatuachia spika wazi ili tusikie anachosikia yeye. Mwenzetu hutumia NVDA, kisomaskrini kinachotolewa bure, kilichoanzwa nchini Australia mwaka 2006. Kipanya hakigusi. Hubonyeza Tab kwenda kisanduku cha mbele, na Shift pamoja na Tab kurudi nyuma. Kila anapotua, kisomaskrini humwambia mambo matatu: jina la kisanduku, aina yake, na hali yake, yaani kama ni kitupu au kimejazwa, kama ni cha lazima au la. Aina na hali hutamkwa na programu yenyewe kwa lugha yake. Jina, kwa upande mwingine, hutoka kwa aliyetunga fomu na aliyeifasiri. Ndiyo maana haimpasi mfasiri kuandika "Kitufe cha kutuma". Aandike "Tuma maombi", kwa kuwa habari ya kwamba hiki ni kitufe itatamkwa hata asipoiandika.

Alipotua kwenye kisanduku cha kwanza, mwenzetu aliambiwa kwamba hapo ni mahali pa kuandika na kwamba ni patupu. Basi. Kuandika nini, hakuambiwa. Sisi tuliokuwa tukitazama tuliona juu ya kisanduku maneno "Jina la mama", meusi na makubwa. Tulipofungua msimbo wa ukurasa tukaona sababu:

```
<p>Jina la mama</p>
<input type="text" id="mama">
```

Maneno yapo na kisanduku kipo, ila hakuna kinachoyaunganisha. Jicho huyaunganisha kwa ujirani, lakini kisomaskrini hakikisii ujirani. Yapaswa maneno yale yawe lebo hasa, iliyofungwa kwa kisanduku chake:

```
<label for="mama">Jina la mama</label>
<input type="text" id="mama">
```

Msomaji asiyejua msimbo aweza kulipima jambo hili kwa njia nyepesi. Abofye maneno yenyewe kwa kipanya, si kisanduku. Kielekezi kikirukia ndani ya kisanduku, lebo imefungwa. Kisiporuka, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu asiyeona hatalisikia jina hilo atakapotua hapo.

Palikuwapo pia kosa ambalo ni la Kiswahili hasa, wala hatujaliona likijadiliwa. Juu ya visanduku vitatu paliandikwa "Jina la mtoto", na chini yake lebo fupi: "La kwanza", "La kati", "La mwisho". Hizi zilikuwa zimefungwa vizuri. Mwenzetu akasikia "La kwanza". La kwanza nini? Jambo, jibu, jengo? Kiambishi cha upatanisho huishi kwa nomino yake, na nomino imebaki kwenye kichwa cha habari ambacho mtu anayepita kwa Tab hakifikii, kwa sababu Tab hutua penye visanduku, viungo na vitufe tu. Watengenezaji wa fomu wana dawa yao, nayo ni kuvizungushia visanduku vitatu `fieldset` na kukiweka kichwa katika `legend`, ili kisomaskrini kikitaje anapoingia humo. Dawa hiyo ni njema na itumike. Hata hivyo, ushauri wetu kwa mfasiri ni kwamba asiikate nomino. "Jina la kwanza la mtoto" ni maneno matano badala ya mawili, na nafasi ipo.

Tuje sasa kwenye kosa lililotufanya tuite fomu hii nusu tafsiri. Kisanduku cha tarehe kilikuwa na lebo ya Kiswahili iliyofungwa sawasawa, nacho kisomaskrini kikasema kwa Kiingereza. Tuliduwaa. Katika msimbo tukakuta hivi:

```
<label for="tarehe">Tarehe ya kuzaliwa</label>
<input id="tarehe" aria-label="Date of birth">
```

Hiyo `aria-label` ni jina lisiloonekana, huandikwa kwa ajili ya visomaskrini peke yake. Tena lina nguvu kuliko lebo inayoonekana: vyote viwili vikiwapo, kisomaskrini hulichukua hilo na kuiacha lebo. Kazi yote ya mfasiri juu ya kisanduku kile ikafutwa na maneno matatu ambayo hakuyaona kamwe. Kitufe cha kufungia dirisha dogo, chenye alama ya msalaba tu, nacho kilikuwa na jina la Kiingereza lililofichwa, na maelezo ya picha ya nembo vilevile. Hatumlaumu mfasiri, kwani alipewa picha za kurasa, akaambiwa afasiri anachokiona. Lawama ni ya utaratibu huo. Mfasiri wa fomu hana budi kudai orodha ya maneno yote yaliyomo katika msimbo, pamoja na ya `aria-label`, ya `alt`, ya `title` na sentensi zote za makosa. Akinyimwa, aiweke NVDA katika kompyuta yake na kufungua `Speech Viewer` iliyo katika orodha ya zana. Humo kila kinachotamkwa huandikwa, mstari kwa mstari, na neno la kigeni lililojificha litajitokeza.

Kisha tukasikia jambo lililowafanya wenzetu wawili wacheke na mwenzetu asiyeona asicheke. Lebo iliyosomeka "Jina la mlezi wake" ilitamkwa "weik" mwishoni, na "Mlezi na jina lake" ikaishia "leik". Sauti haikuwa imeharibika. Ukurasa mzima ulitangaza katika mstari wake wa juu kwamba umeandikwa kwa Kiingereza:

```
<html lang="en">
```

Kisomaskrini hutii tangazo hilo na kutumia matamshi ya lugha iliyotajwa. Fomu ya Kiswahili ikasomwa kama Kiingereza kibaya. Marekebisho yake ni herufi mbili: `lang="sw"`. Hatuwezi kufikiria kazi nyingine ya lugha ambayo gharama yake ni ndogo hivyo na faida yake ni kubwa hivyo. Mwongozo wa ufikivu wa maudhui ya wavuti wa shirika la W3C, ambao toleo lake la 2.2 lilitolewa mwaka 2023, umeliweka sharti hili la kutangaza lugha ya ukurasa katika daraja la kwanza kabisa. Ni kweli kwamba tangazo peke yake haliumbi sauti. Sauti ya eSpeak NG inayokuja pamoja na NVDA inacho Kiswahili. Ni kikavu, cha mashine, ila vokali zake ni tano na kila moja hukaa mahali pake. Anayetumia sauti isiyo na Kiswahili hatasaidiwa na herufi hizo mbili.

Neno moja juu ya istilahi, kwa kuwa tumeitumia. Wako wanaofasiri wazo hili kuwa "upatikanaji". Hatukubaliani nao. Fomu hii inapatikana usiku na mchana, kila penye mtandao, lakini mwenzetu hakuifikia. "Ufikivu" latofautisha mambo hayo mawili, na neno linalotofautisha ndilo tunalolihitaji.

Lakini kwa nini fomu ilimrudia mara tatu? Hapo ndipo kibodi ilipoingia. Orodha ya wilaya haikuwa orodha halisi ya kuchagulia, yaani `select`, bali michoro iliyopangwa ifanane nayo, iliyotengenezwa ifunguke kwa kubofywa na kipanya tu. Tab iliiruka, ikatoka kwenye mkoa ikaenda moja kwa moja kwenye namba ya simu. Mwenzetu hakujua kwamba kuna swali la wilaya. Lau orodha ingefunguka, bila shaka wilaya ya Same ingetamkwa "seim", lakini haikufunguka. Tatizo hili haliwahusu wasioona tu. Mtu anayeona lakini mkono wake unatetemeka asiweze kushika kipanya angekwama hapo hapo, na angekwama mapema zaidi, maana mtengenezaji aliondoa kwa `outline: none` ule mstari unaozunguka kisanduku ambacho kibodi imetua, kwa sababu, nadhani, hakuupenda kwa macho.

Alipobonyeza Tuma, ukurasa uliandika juu kabisa: "Tafadhali jaza sehemu zenye rangi nyekundu." Sentensi hiyo haikutamkwa, kwani hapakuwapo `role="alert"` wala kibodi haikupelekwa penye kosa. Aliposaidiwa kuipata, haikumfaa kitu. Hapa makosa ya fundi na ya mwandishi yamekutana. Hata fundi angeitamkisha, sentensi yenyewe inazungumza na jicho: haisemi ni sehemu ipi wala inatakiwa kujazwaje. Sisi tungeandika: "Wilaya haijachaguliwa. Chagua wilaya alikozaliwa mtoto." Sentensi hiyo ikiwekwa karibu na kisanduku chake, ikafungwa nacho kwa `aria-describedby`, itasomwa mara tu mtu atakapotua hapo, na anayeona naye hatapoteza muda kutafuta wekundu.

Ziko programu za kukagua kurasa ambazo zingeyagundua baadhi ya haya: kisanduku kisicho na lebo, ukurasa usiotangaza lugha. Ila programu hizo hutazama kama kitu kipo. Ukurasa huu ulitangaza lugha, na tarehe ilikuwa na jina. "La kwanza" nayo ni lebo halali. Hayo huhitaji sikio la mtu ajuaye Kiswahili, akae na kibodi, kipanya kikiwa kimechomolewa, aipitie fomu kuanzia mwanzo hadi kitufe cha mwisho.

Tuliipelekea ofisi maoni haya kwa maandishi. Ukurasa sasa umetangazwa kuwa wa Kiswahili, na lebo nyingi zimefungwa. Tulipoijaribu tena na mwenzetu wiki iliyopita, tarehe ilitamkwa kwa Kiswahili safi. Orodha ya wilaya bado haifunguki kwa kibodi.