Deni Lililopanda Bila Kukopa Zaidi

Mwaka 2023 Kenya Airways ilipata faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5, lakini ilifunga mwaka na hasara ya bilioni 22.7. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na mikopo ya kigeni iliyothaminiwa upya. Mwishoni mwa 2022 dola moja ilikuwa shilingi 123.37, mwaka mmoja baadaye ilikuwa 156.46.

Hesabu yenyewe inaonekana vizuri zaidi kwa mfano mdogo. Kiwanda kimepokea mkopo wa dola 500,000 mwishoni mwa Desemba 2022, na mhasibu ameuandika kwa shilingi 61,685,000. Agosti 2023 kinalipa dola 100,000 za deni la msingi, na benki inakata shilingi 14,500,000, yaani 145 kwa dola. Kwenye leja, dola hizo zilikuwa na thamani ya shilingi 12,337,000. Tofauti ya 2,163,000 ni hasara iliyokwisha kutimia, kwa kuwa fedha zimetoka.

Zimebaki dola 400,000, ambazo kwenye vitabu ni shilingi 49,348,000. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 21 inataka deni kama hili lioneshwe kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, si kwa wastani wa mwaka. Kwa 156.46 linakuwa 62,584,000. Mhasibu anadebiti hasara ya ubadilishaji 13,236,000 na kukrediti akaunti ya mkopo kiasi hichohicho. Hakuna senti iliyotoka benki, lakini hasara inaingia kwenye taarifa ya faida na hasara ya mwaka huo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mhasibu mwenye haraka hupunguza mkopo kwa 14,500,000 zote alizolipa, kisha Desemba anasawazisha salio kwa mkupuo mmoja. Jumla ya hasara inatoka sahihi, 15,399,000, na mizania inalingana, kwa hiyo kosa halijitokezi. Linajitokeza kwenye kodi: kifungu cha 4A cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya kinaitambua hasara ya ubadilishaji katika mwaka inapotimia. Zile 13,236,000 hurudishwa kwenye faida wakati wa kukokotoa kodi, na asiyezitenganisha hana cha kumwonyesha mkaguzi.

Kosa jingine ni kuongeza hasara hiyo kwenye bei ya mashine iliyonunuliwa kwa mkopo. Mashine si deni. Inabaki kwa shilingi za siku iliponunuliwa.

Mwishoni mwa 2024 dola ilishuka hadi shilingi 129.29. Kama kiwanda hakikulipa chochote mwaka huo, dola zilezile 400,000 zingeandikwa kwa 51,716,000, na vitabu vingeonyesha faida ya ubadilishaji ya shilingi 10,868,000, nayo ikiwa bado haijatimia.