Nomino na Kauli ya Kutendwa katika Barua Pepe za Kifaransa

Urasmi wa barua pepe ya Kifaransa hautokani na misamiati mikubwa, bali na namna mwandishi anavyomwondoa mtenda katika sentensi bila kuiacha sentensi ikilemewa. Tuseme mhasibu anamwandikia muuzaji: «Vous n'avez pas envoyé le contrat signé, donc nous ne pouvons pas payer la facture.» Sarufi haina kasoro, lakini muuzaji anasomewa shtaka, kwamba hakutuma mkataba na kwa hiyo ankara haitalipwa.

Fundi wa lugha huanza na nomino, yaani hukigeuza kitenzi kuwa jina la tendo, kisha huongeza kauli ya kutendwa, ambayo Kifaransa huiunda kwa kitenzi «être» na umbo la kitenzi liitwalo «participe passé»: «Le règlement de la facture sera effectué dès réception du contrat signé.» Lawama imetoweka, na maneno mawili, «dès réception», yanayoandikwa bila kibainishi kati yao, yamebeba kishazi kizima cha wakati. Hata hivyo «effectué» ni kitenzi kitupu, kwani tendo lenyewe limekwisha kutajwa na «règlement», kwa hiyo mwandishi makini hukirudisha kitenzi mahali pake: «La facture sera réglée dès réception du contrat signé.» Nomino moja ya tendo imetosha.

Uzito hutambulika kwa kuhesabu «de» na maumbo yake. Katika «la vérification de la réception du règlement de la facture» zimo tatu mfululizo, na msomaji hulazimika kufika mwisho ndipo ajue kinachozungumzwa.

Mtego mwingine huwanasa hasa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoandika Kifaransa kazini, kama vile Bukavu au Bujumbura. Kiswahili huruhusu «utajibiwa» bila taabu, ilhali «répondre», ambacho humfikia mtu kwa kihusishi «à», hakiwezi kumfanya mtu huyo kuwa kiima cha kauli ya kutendwa, hivyo «vous serez répondu» ni kosa. (Kwa ukaidi wake, Kifaransa hukubali «vous serez obéi», ingawa «obéir» nacho hutaka «à».) Njia iliyopo ni kauli ya kutendwa isiyo na nafsi, inayotanguliza «il» isiyomrejelea yeyote: «Il vous sera répondu sous huit jours», ambapo siku nane, kwa desturi ya Wafaransa, ni juma moja.

Mbinu hizi hukoma mlangoni pa kuomba radhi. «Une erreur a été commise» humwacha mteja akiuliza ni nani aliyeitenda, na ukimya huo husomeka kama ukwepaji. Hapo «nous avons commis une erreur» ndiyo sentensi yenye adabu zaidi.