Herufi 158 za kumwita mkulima darasani

Tuseme kuna darasa la jioni la kikundi cha wakulima wa mishiri huko Ruiri, kaskazini mwa mji wa Meru, ambako ardhi inateremka kuelekea Isiolo. Mwalimu yuko Embu, wanafunzi wako makwao, na Alhamisi usiku hukutana kwa Google Meet. Jumatano jioni inabidi wakumbushwe. Huu ni ujumbe niliouandaa kwa darasa la namna hiyo:

```
Darasa la mishiri, Alhamisi 12 Juni saa 2 usiku (8pm) hadi saa 3. Ingia: meet.google.com/abc-defg-hij Nunua bando na uchaji simu mapema. Hutaweza? Jibu HAPANA
```

Ukihesabu na nafasi, ni herufi 158. Esemesi moja hubeba 160, kipimo ambacho mhandisi Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikipendekeza mnamo 1985 baada ya kuhesabu sentensi alizozipiga chapa mwenyewe. Ukivuka hapo, ujumbe hukatwa vipande vya herufi 153 kila kimoja, na kila kipande hulipiwa.

Kwa nini esemesi, na wanafunzi wote wana simu za intaneti na kundi la WhatsApp? Kwa sababu anayehitaji kukumbushwa kununua bando mara nyingi ndiye asiye na bando usiku huo. Ujumbe wa WhatsApp utamngoja mpaka anunue. Esemesi itamfikia hata akiwa na laini tupu, au akiwa ameichomeka kwenye mulika mwizi. Maelezo marefu na picha za dawa yakae WhatsApp, ambako hayamharakishi mtu.

Mengi katika ujumbe ule yanaeleweka yenyewe. Jambo linalohitaji maelezo ni saa na siku, maana hapo ndipo watu hupotea. Kwanza, neno "kesho" halimo. Simu ikiwa imezimwa Jumatano usiku, mtandao hushikilia ujumbe mpaka iwashwe. Mtu akiiwasha Alhamisi asubuhi na kusoma "darasa ni kesho", atakaa akingoja Ijumaa. Siku na tarehe haziharibiki zikichelewa. Pia ndiyo sababu ya kuandika "mapema" badala ya "leo": agizo hilo linafaa siku yoyote utakapolisoma.

Pili, saa imeandikwa kwa njia zote mbili. Tunasema saa mbili usiku, lakini kioo cha simu kinaonyesha 8:00 au 20:00. Mwalimu mwenye haraka hutazama simu yake na kuandika "saa 8 usiku", na hiyo ni saa ya wezi na walinzi. Mabano yenye 8pm yanakula herufi sita tu, ukihesabu na nafasi. Kama kuna mwanakikundi aliye kazini Muscat, mwambie kando kwamba kwake ni saa tatu usiku, kwa kuwa Oman iko saa moja mbele yetu. Usiwabebeshe wote hesabu ya mtu mmoja.

Kiungo cha Meet kina herufi 28, nacho hakipunguziki. Kimeachwa bila nukta mwishoni kwa makusudi, kwa sababu baadhi ya simu huimeza nukta kama sehemu ya anwani na mtu akibonyeza anaambiwa hakuna mkutano. Kiungo cha Zoom chenye nywila ndani yake huweza kula karibu nusu ya esemesi. Kwa Zoom ni afadhali kuandika namba ya mkutano na nywila peke yake.

Tuje sasa kwenye kosa linalowagharimu walimu pesa bila wao kujua. Herufi 160 zinapatikana tu ukitumia alama zilizo kwenye orodha ya msingi ya esemesi. Alama moja ya nje ya orodha hiyo ikiingia, ujumbe mzima hubadilishwa mfumo, na nafasi hushuka hadi 70, au 67 kwa kipande. Emoji ya mikono iliyokunjwa hufanya hivyo. Ritifaa iliyopinda kwenye "ng’ombe" hufanya hivyo pia, tofauti na ile iliyonyooka, ng'ombe. Programu ya Word hupenda kuipinda yenyewe, kwa hiyo anayeandika kwenye kompyuta kisha akanakili hana habari. Na kwa Meru kuna mtego wa ziada: ĩ na ũ za Kimeru hazimo kwenye orodha. Ukifunga ujumbe wetu kwa neno moja la Kimeru lenye herufi hizo, zile 158 zinakuwa vipande vitatu. Kama kikundi kina watu 60, umelipia esemesi 180. Baadhi ya huduma za kutuma kwa wingi hukuonyesha idadi ya vipande kabla hujabonyeza. Itazame. Ikiwa ni zaidi ya moja na wewe hujapita 160, tafuta alama iliyo nje ya orodha.

Wapo watakaosema ujumbe huu ni mkavu, hauna salamu wala neno la kutia moyo. Nami napenda salamu, lakini kuna ushahidi wa karibu na nyumbani. Utafiti wa Chulaimbo, huko Kisumu, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuatilia watu wazima 431 waliokuwa wakitumia dawa za kupunguza makali ya ukimwi. Wengine walipata ukumbusho mfupi, wengine mrefu wenye maneno ya kutia moyo, kila siku au kila wiki, na wengine hawakupata chochote. Waliokumbushwa kila wiki, asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kumeza dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiokumbushwa. Kuongeza maneno ya kutia moyo hakukuleta faida zaidi, na ujumbe wa kila siku haukusaidia. Dawa si darasa, na darasa la mara moja kwa wiki halifanani na kidonge cha kila siku, lakini mimi sioni sababu ya kulipia kipande cha pili kwa ajili ya "tunatumai mko salama".

HAPANA ya mwisho ina kazi yake. Anayekuja hajibu wala hatumii hata shilingi. Asiyekuja anamwezesha mwalimu kujua mapema kama somo lisogezwe. Ila njia hii inataka utume kwa namba ya kawaida, ile ile kila wiki, ambayo watu wameihifadhi kwa jina. Huduma za kutuma kwa jina la kikundi badala ya namba haziruhusu kujibu, na kiungo kinachotoka kwa mtumaji asiyejulikana Mkenya yeyote mwenye akili atadhani kimetoka kwa jamaa wa Kamiti. Ukilazimika kutumia jina, ondoa HAPANA na uweke namba ya kupigia, ukikumbuka kuhesabu tena.

Kipimo cha ujumbe ni wakati wa darasa lenyewe. Simu zikiingia kwa mwalimu saa mbili kasoro dakika tano zikiuliza "tunaingiaje?", kiungo kimepotea au hakifunguki. Kundi likiingia pamoja saa mbili na robo, huenda wamenunua bando dakika ya mwisho, basi kama ulituma usiku, wiki ijayo tuma saa kumi na moja jioni. Na wachache wakijitokeza saa tatu, mwalimu anapoaga, tazama pale kwenye neno "hadi": inawezekana walikamata saa ya mwisho wakaiacha ya kwanza, na hapo "hadi saa 3" ifutwe, ibaki moja tu.