Kinachoshika Keria ya Pikipiki Si Washa

Keria ya pikipiki ikianza kucheza, neno la kwanza gereji huwa ni kwamba washa za springi zimechoka, basi ziwekwe mpya. Zinawekwa, bolti zinakazwa, na baada ya wiki chache mlio uleule unarudi. Hoja ya safu hii ni kwamba lawama imeelekezwa pasipo pake. Keria iliyofungwa kwa bolti hushikwa na mkandamizo kati ya vyuma viwili vilivyogusana, na mkandamizo huo hutokana na bolti kuvutwa. Ukipotea, hakuna washa ya springi itakayoufidia. Kwa hiyo kazi ya kufunga keria ianzie kwenye breketi na mahali inapokaa, ifuate ukazaji, na washa ije baadaye.

Tuchukue mfano wa pikipiki ya kawaida ya sisi 150, yenye keria ya mabomba inayobeba kreti ya kilo 30. Keria imefungwa kwa bolti nne za M8, zile za spana namba 13. Mbili zinaingia kwenye fremu pembeni mwa mwisho wa siti, kulia na kushoto, na mbili zinashika miguu ya keria inayoshuka kwenye breketi za chini. Bolti zote zinapita kwa mlalo, hivyo uzito wa kreti unajaribu kuitelezesha keria kuelekea chini juu ya uso wa breketi. Watu wengi hudhani kinachozuia mtelezo huo ni bolti yenyewe, kama msumari uliopita kwenye tundu. Sivyo, kwa kuwa tundu la bolti ya M8 huwa pana kidogo kuliko bolti, na nafasi hiyo ndogo inatosha kabisa keria kusogea. Kinachozuia ni msuguano wa nyuso mbili zilizobanwa.

Bolti iliyokazwa vizuri hufanya kazi kama mpira wa kufungia mzigo: hushika kwa sababu imevutwa na inataka kurudi ilivyokuwa. Tofauti ni kwamba chuma hurefuka kidogo mno. Bolti ya M8 yenye alama 8.8 kichwani, ikikazwa kwa nyutoni-mita 25, hubana kwa nguvu ya karibu nyutoni 16,000. Tukikadiria kwamba msuguano ni asilimia 15 ya mkandamizo, kila bolti inazuia mtelezo wa nyutoni 2,400, na zote nne nyutoni 9,600. Kreti ya kilo 30 ina uzito wa nyutoni 300 hivi. Hata shimo la barabarani likiuzidisha mara tatu, ni 900. Keria haina sababu ya kusogea. Lakini ikiwa bolti imebana vyuma vyenye unene wa milimita 20 kwa jumla, ili kuleta nguvu hiyo imerefuka kwa milimita 0.04 tu. Chochote kilichobanwa katikati kikibonyea kwa kiasi hicho, nguvu yote imekwisha, ingawa nati haijazunguka hata nukta moja.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Rangi ya unga inayookwa kwenye keria nyingi huwa na unene kati ya milimita 0.06 na 0.1, na mara nyingi ipo pande zote mbili za kila kipande. Ikibanwa na kupigwa na jua na mtikisiko, hubonyea na kutambaa taratibu. Tuseme imepoteza sehemu tisa kati ya kumi za mkandamizo. Zile nyutoni 9,600 sasa ni 960, karibu sawa na pigo moja la shimo. Tena kreti hukaa nyuma ya bolti, hivyo keria hupinda kama mkono wa spana na bolti moja hubeba zaidi ya fungu lake. Sasa keria inateleza kidogo kila inapopita kwenye tuta, na ni mtelezo huo unaoifungua nati.

Jambo hili la mwisho lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtikisiko unaofungua bolti kwa kasi zaidi ni ule wa upande, unaosukuma kilichobanwa kushoto na kulia. Nyuso za nyuzi zikiteleza upande, msuguano uliokuwa ukizuia mzunguko hupungua sana, na bolti hujifungua yenyewe. Mashine ya majaribio yenye jina lake hutumika hadi leo, na washa ya springi inapofungwa humo, bolti hulegea karibu kama isiyo na washa yoyote. Mwongozo wa NASA kuhusu bolti na nati, wa mwaka 1990, unaeleza sababu: bolti ikikazwa ipasavyo, washa hiyo hulala bapa kabisa, na tangu hapo haina tofauti na washa ya kawaida kwa upande wa kuzuia kulegea. Springi yake ni dhaifu mno mbele ya nyutoni 16,000.

Basi keria ifungwe vipi? Kwanza breketi. Bapa la chuma la unene wa milimita 5 na upana wa milimita 25 linatosha kwa mzigo huu. Tundu liwe la mviringo, lenye kipenyo cha milimita 8.5 hadi 9. Tundu refu lililokatwa ili kurahisisha kulinganisha huiachia bolti eneo dogo la kukandamiza, na likilazimu liwekewe washa bapa nene. Breketi ikae kwenye fremu bila kulazimishwa: ukiona pengo la milimita 2, usilivute kwa bolti. Nguvu inayotumika kupinda breketi haibani uso wowote, na chuma kilichopindwa hubaki kikisukuma kurudi kilikotoka. Ziba pengo kwa busha ya chuma yenye urefu huohuo. Halafu kwangua rangi mahali nyuso zinapogusana, duara la ukubwa wa washa tu, na baada ya kukaza paka rangi au grisi ukingoni ili kutu isiingie.

Bolti zote nne ziingizwe kwa mkono kwanza, keria ijipange yenyewe, ndipo zikazwe kwa kupokezana, ya kulia juu kisha ya kushoto chini. Kama bolti inaingia kwenye tundu lisilotokea upande wa pili, hakikisha haigongi mwisho kabla ya kubana, na nyuzi zilizoshikana zifikie angalau milimita 8. Pasipo na spana ya kupimia nguvu, mizani ya kuning'iniza inaifanya kazi hiyo: ifunge kwenye mpini wa boksi spana sentimita 25 kutoka katikati ya bolti, vuta kwa pembe mraba hadi isome kilo 10, na umefika nyutoni-mita 25. Kitabu cha pikipiki kikitaja kiasi kingine kwa tundu lile, ufuate kitabu. Bolti isiyo na alama kichwani isipewe nguvu hii, kwani chuma laini cha daraja la 4.8 huanza kurefuka bila kurudi kwa nusu ya mvuto ambao ya 8.8 huvumilia.

Baada ya hayo ndipo swali la washa lina maana, na jibu linategemea kila kifaa kinafanya nini. Nati yenye pete ya plastiki huzuia nati isidondoke hata ikishalegea, jambo jema kwa usalama, ila hairudishi mkandamizo uliopotea. Gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati, ile inayofunguka kwa spana, huzuia mzunguko vizuri ikiwa nyuzi zimesafishwa mafuta na gundi ikaachwa saa 24, lakini nayo haisaidii rangi ikibonyea. Washa za jozi zenye meno ya kabari ndizo zinazotumia mkandamizo wenyewe kama kufuli: mteremko wa kabari ni mkali kuliko ule wa nyuzi, hivyo bolti ikitaka kurudi nyuma inalazimika kujivuta zaidi. Kabari zitazamane, na jozi isikalie washa bapa inayozunguka. Nazo pia hazina la kufanya pale mkandamizo umekwisha.

Ukaguzi nao una mipaka yake. Chora mstari wa rangi kuanzia kichwa cha bolti, upite kwenye washa hadi kwenye breketi. Mstari ukikatika, bolti imezunguka. Lakini mstari uliobaki mzima hauthibitishi kwamba mkandamizo upo, kwa kuwa bolti hupoteza mvuto bila kuzunguka. Kwa hiyo baada ya kilomita 50 za mwanzo zilizobebwa mzigo, rudisha spana na mizani kwenye kilo 10 zilezile. Bolti ikizunguka kidogo kuingia ndani kabla ya kufika kilo 10, kuna kitu kimebonyea. Rudia baada ya kilomita 500. Safari hii ikikataa kuzunguka, kiungo kimetulia. Ikizunguka tena, tatizo ni breketi au rangi, na kuongeza washa ni kupoteza pesa. Dalili nyingine ni unga wa kahawia mwekundu ukingoni mwa breketi, au chuma kinachong'aa pembeni mwa washa. Hiyo ni alama ya nyuso zinazosuguana, na huonekana mapema kuliko mlio. Kwenye nyuzi zenye gundi, kipimo cha kurudia kukaza huvunja gundi iliyokauka, hivyo gundi ipakwe baada ya kiungo kutulia.

Atakayepinga atasema mafundi wametumia washa ya springi miaka yote na keria nyingi hazijadondoka. Ni kweli, na sababu ni kwamba keria hizo zilikazwa vya kutosha juu ya chuma kilichogusana vizuri. Washa ilikuwepo tu. Mwingine atasema njia ya mkato ni kuchomelea keria kwenye fremu. Hoja hii ina uzito zaidi, maana kilichochomelewa hakilegei. Lakini joto hubadilisha chuma cha fremu kando ya mchomeleo, na ndipo ufa huanzia chini ya mapigo ya kila siku. Bolti iliyolegea hutoa unga na mlio kabla ya kuleta madhara. Ufa hukua chini ya rangi, na unapoonekana ni fremu nzima inayotakiwa kurekebishwa badala ya bolti moja.

Ukipeleka pikipiki kufungiwa keria, usianze kwa kuuliza aina ya washa. Taka uone chuma kwa chuma chini ya kila breketi, pasiwe na pengo lililovutwa kwa bolti, na kila bolti ya 8.8 ikazwe kwa kipimo. Kisha rudi baada ya kilomita 50 uikaze tena kwa kipimo hichohicho. Fundi akikataa hilo la mwisho, lifanye mwenyewe kwa spana na mizani, kwa sababu ndilo pekee linalokuambia kama keria imeshika.