"Hivyo" Vipi? Viunganishi vya Matokeo katika Aya za Uhakiki wa Kifo Kisimani

Miongoni mwa maneno yanayozishinda kalamu za wanafunzi wa fasihi, "hivyo" na "kwa hiyo" yana nafasi ya pekee. Maneno haya hayana kosa la kisarufi wala la tahajia, na mwalimu anayeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu aghalabu hukosa la kuandika pambizoni ila "umelirudia mno". Mwanafunzi akiambiwa hayo hubadilisha "hivyo" kwa "kwa hivyo", kisha kwa "hivyo basi", akadhani ameponya aya. La pili katika tiba hizo ni baya kuliko ugonjwa: "basi" ilitosha peke yake, na "hivyo" ilitosha peke yake. Tatizo halimo katika sauti ya neno inayojirudia. Limo katika kazi tofauti ambazo neno moja limetwishwa.

Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka mwaka 2001, ni mahali panapofaa kulitazama jambo hili. Mwandishi ni mzaliwa wa Tharaka, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya zamani ya Meru, na ni mwanaisimu aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Tamthilia yenyewe imewahi kutahiniwa katika shule za sekondari nchini Kenya, na walimu wengi wa Meru na Embu waliifundisha darasani. Jambo la kufaa zaidi ni kwamba kazi hii humlazimisha mhakiki aseme mambo ya aina mbili katika aya moja: nini kimesababisha nini katika Butangi, na nini kinathibitisha nini kuhusu mtunzi. "Hivyo" huyameza yote mawili.

Aya ifuatayo haikunakiliwa kutoka daftari la mtu. Imetungwa kwa mfano wa zile zinazosomwa kila muhula:

"Bokono ni mtawala dhalimu. Hivyo, watu wa Butangi wanateseka sana. Kwa hiyo, Mwelusi anajitokeza kuwatetea. Hivyo basi, Bokono anamwona kuwa adui na anamtia gerezani. Gege anaahidiwa kuozwa binti wa Bokono. Hivyo, anamwua Mwelusi ambaye ni nduguye. Liyongo naye aliuawa na mwanawe aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme. Kwa hiyo, mwandishi ameathiriwa na masimulizi ya Liyongo. Hivyo, tunaona kwamba usaliti hutoka ndani ya jamii."

Sentensi ni tisa, na sita kati yake zinaanza na kiunganishi cha matokeo. Kabla ya kukifuta hata kimoja, inafaa kukumbuka neno lenyewe limetoka wapi. "Hivyo" ni kionyeshi rejeshi cha ngeli ya vi-, kinachotumika hapa kama kielezi cha namna. Maana yake ya asili ni "kwa namna iliyokwisha kutajwa". "Kwa hiyo" limebeba ndani yake nomino iliyoachwa, yaani "kwa (sababu) hiyo". Yote mawili yananyosha kidole nyuma bila ya kusema kinaishia wapi: kwenye neno la mwisho, sentensi nzima, au aya yote. Msomaji ana haki ya kuuliza, hivyo vipi? Sababu hiyo ipi?

Swali hilo linaweza kufanywa kipimo. Mahali pa kila "hivyo" na pawekwe kwa muda mojawapo ya semi tatu: "kwa namna hiyo", "kwa sababu hiyo", au "kutokana na ushahidi huo inaweza kusemwa kwamba". Usemi wa kwanza ukikaa, kuna namna. Wa pili ukikaa, kuna chanzo na tokeo katika ulimwengu wa hadithi. Wa tatu ukikaa, kuna hitimisho la mhakiki. Usipokaa hata mmoja, neno lilikuwa kishindo tu. ("Hata hivyo" na "vivyo hivyo" hayamo katika hesabu hii. La kwanza ni la ukinzani na la pili ni la mlingano, na kuyafuta kwa bidii ya kupunguza ni kuiharibu maana.)

"Hivyo" ya kwanza katika aya inaonekana kupita kwa "sababu hiyo", lakini ikitazamwa vyema haina kazi. Udhalimu wa mtawala na mateso ya raia si mambo mawili yanayofuatana. Ni jambo moja lililotazamwa pande mbili. Kiswahili kina kitenzi cha kuliambia jambo hilo: "Udhalimu wa Bokono unawatesa watu wa Butangi." Hapa kitenzi kimekibeba kile kilichokuwa kimebebwa na kiunganishi, na mantiki imekuwa wazi zaidi. Ya pili ni ya hila. Si kila anayeona mateso hujitokeza. Wengi wa Butangi wanayaona na wananyamaza. "Kwa hiyo" imekifanya kitendo cha Mwelusi kionekane kama maji yanayoteremka mlimani, na uamuzi wake, ambao ndio moyo wa uhusika wake, umepotea. Mhakiki ameiruka hatua aliyopaswa kuichambua. Ya tatu inaondoka kwa wepesi ikiwekwa "kwa" na kitenzi-jina: "Kwa kuwatetea watu, anakuwa adui machoni pa mtawala."

Katika "hivyo" ya nne, inayomhusu Gege, msahihishaji hukimbilia ushauri wa kawaida kwamba kiambishi -ka- kitumike. Katika usimulizi ushauri huo ni mzuri. "Aliahidiwa binti, akakubali, akamwua" ni Kiswahili safi ambacho hakihitaji kiunganishi chochote. Lakini mhakiki huusimulia mchezo kwa wakati wa -na-: Gege anaahidiwa, Bokono anatuma, Mwelusi anauawa. Kwa kawaida -ka- huifuata -li-. Baada ya -na- haikai vizuri. Yamkini hii ni sababu mojawapo inayozifanya aya za uhakiki zijae "hivyo" kuliko insha za masimulizi za mwanafunzi yule yule. Amenyang'anywa uzi wa kushonea vitendo, naye akatafuta gundi. Akijaribu "na ku-", kama vile "anaahidiwa binti na kumwua nduguye", anapata mfuatano mtupu, kana kwamba ahadi na mauaji ni shughuli mbili za siku moja. Hata -ka- yenyewe, pale inapokubalika, hutaja mfuatano na kumwachia msomaji akisie chanzo. Panapokuwa na swali la nia, makisio hayatoshi. Lililo salama ni kukifanya chanzo kuwa kiima: "Ahadi ya kuozwa binti wa Bokono inamshawishi Gege amwue nduguye."

Njia nyingine inayopendekezwa ni ndi-: "Ahadi ya ndoa ndiyo inayomfanya Gege aue." Sentensi hii ina nguvu, lakini inadai zaidi ya ile iliyobadilishwa. Ndi- hutenga, husema ni hii wala si nyingine. "Hivyo" haikusema kwamba Gege hana wivu wala woga, ndi- imesema. Kwa wanafunzi wa Meru na Embu tahadhari hii ina uzito wa ziada, kwa kuwa Kimeru na Kiembu vina chembe "ni" inayotangulia kitenzi katika sentensi nyingi za kukubali bila ya kulazimisha maana ya kutenga. Anayeichukua ndi- ya Kiswahili kwa uzito wa "ni" hiyo huweza kutoa madai mazito asiyoyakusudia, na mtahini humhukumu kwa alichokiandika.

"Kwa hiyo" ya tano ni ya jinsi nyingine kabisa. Kifo cha Liyongo hakikumsababisha mtu yeyote katika Butangi kufanya lolote. Neno hapa linamtoa msomaji katika hadithi na kumwingiza katika hoja ya mhakiki. Linapita kwa usemi wa tatu peke yake. Likifutwa, zinabaki sentensi mbili zilizokaa bega kwa bega, na haijulikani kama ya pili ni dai au ni habari. Hapa kupunguza ni kuficha, na kiunganishi hiki hapana budi kibaki. Hata hivyo kubaki kwake kunadai malipo. Kufanana si kuathiriwa. Shujaa aliyesalitiwa na mtu wake wa karibu yumo pia katika habari za Samsoni na Delila, na hakuna anayedai kwamba lazima ziwe chanzo cha kila hadithi ya usaliti. Kinachoipa hoja nguvu ni kukutana kwa mambo mahususi: binti aliyeahidiwa, na kisima. Katika masimulizi ya pwani Liyongo alifia kisimani, amepiga goti na upinde mkononi, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Mwanafunzi alikuwa nalo jina la tamthilia mbele ya macho, lakini "kwa hiyo" ilimfikisha kwenye hitimisho kabla ya kulitumia.

"Hivyo" ya mwisho haipiti kwa usemi wowote. Kutoka kwa ndugu mmoja na mwana mmoja haiwezekani kufika kwenye "jamii". Pamoja na "tunaona kwamba" inayoifuata, imefunika pengo ambalo sentensi isiyo na kiunganishi ingelionyesha waziwazi.

Aya ikiandikwa upya huweza kuwa hivi:

"Udhalimu wa Bokono unawatesa watu wa Butangi. Wengi wananyamaza, Mwelusi anachagua kusema. Kwa kuwatetea watu, anakuwa adui machoni pa mtawala, naye anatiwa gerezani. Kinachommaliza si gereza bali mtu wa damu yake, kwani ahadi ya kuozwa binti wa Bokono inamshawishi Gege amwue nduguye. Liyongo naye aliuawa na mwanawe aliyeahidiwa binti wa mfalme, na mauti yakamkuta kisimani. Usaliti wa jamaa ungeweza kutokea katika hadithi yoyote, lakini ahadi ya ndoa na kisima havikutani kwa urahisi mara mbili. Kwa hiyo ni vigumu kuukana uhusiano wa tamthilia na masimulizi hayo. Katika zote mbili mtawala hamwezi shujaa mpaka aupate mkono wa mtu wa nyumbani kwake."

Aya hii haikupungua urefu. Imeongezeka sana, na anayetarajia kwamba kuondoa viunganishi kutampunguzia maneno atavunjika moyo. Viunganishi sita vya matokeo vimekuwa kimoja. Hicho kimoja kimesimama mahali ambapo mtahini anaweza kukishika na kubisha: je, hakuna masimulizi mengine ya bara yenye kisima na ahadi ya ndoa, huko Tharaka kwenyewe au Mbeere, ambayo mtunzi angeweza kuyasikia kabla ya kuyasoma ya Liyongo? Katika aya ya kwanza swali hilo lisingeulizwa, maana "kwa hiyo" hiyo hiyo ilikuwa ya tano kati ya sita na jicho lilikwisha kuizoea.