Mpira Huoshwa kwa Maji Matamu

Kisiwani Mombasa kuna maji ya aina mbili. Yako maji matamu yanayokuja kwa mabomba kutoka mbali, mengine tangu chemchemi za Mzima kule Tsavo, na mabomba yakikauka huuzwa mtungi kwa mtungi kwenye mikokoteni. Na yako maji ya kisima, yenye chumvi, ambayo kila nyumba ya Mji wa Kale inajua kazi yake: kusuuza sakafu, kumwaga chooni, kufulia kukiwa hakuna budi. Anayetunza mipira ya timu ya mtaani aanzie hapo, maana mpira uliooshwa kwa maji ya kisima haukauki.

Kosa ni la chumvi. Chumvi hii hii ya jikoni huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapopita kama asilimia 75, na usiku wa Mombasa hupita hapo mara nyingi mno. Mpira uliochezewa ufukweni maji yakiwa yametoka, au uliopanguswa kwa maji ya kisima, hubaki na chembe za chumvi ndani ya mishono. Mchana ukiushika ni mkavu. Usiku zile chembe hulowa tena, na kesho yake hivyo hivyo. Vitambaa vilivyobandikwa chini ya ngozi ya plastiki hukaa na majimaji miezi nenda miezi rudi, ukungu unaingia, gundi inaachia, na mwisho kipande kimoja kinavimba. Wachezaji husema mpira umeota nundu na kulaumu aliyeutengeneza, kumbe uliozeshwa polepole na mwenye kuuweka.

Kuusafisha si kazi ya maji mengi. Kata moja ya maji matamu, kitambaa, na tone la sabuni vinatosha. Kitambaa kinakamuliwa kwanza, kisha mshono unafuatwa kwa ncha ya kidole mmoja baada ya mwingine, kwa sababu chumvi na mchanga hukaa kwenye bonde la mshono na wala si juu ya tumbo la kipande. Kisha mpira unawekwa kivulini penye upepo. Jua la Mombasa halikaushi mpira tu, hukausha na plastiki yake mpaka ikapasuka.

Sasa kuna ugonjwa unaoua mipira mingi kuliko chumvi, nao ni mpira kulala umejaa na kuamka umelegea. Dawa ya wengi ni kuujaza kupita kiasi jioni ili ubakishe upepo wa kesho. Hapo mishono hubeba mzigo ambao haikupangiwa, na tundu lililokuwa dogo hupanuka. Fundi hujiuliza kwanza upepo unatokea wapi. Huujaza mpira kiasi cha kawaida, huuzamisha kwenye beseni na kuugeuza pole pole, kisha husubiri, maana mapovu mengine hutoka moja moja, yamekaa sana kabla ya kujitokeza.

Mapovu yakitoka kwenye valvu, bahati. Mara nyingi valvu haijapasuka. Mpira wake umekauka na haubani tena. Wa kulaumiwa ni sindano ya pampu iliyoingizwa kavu, au iliyoota kutu, maana kutu ina meno na kila ikiingia inakwaruza. Gliserini ya duka la dawa, ile watu wanayojipaka mwilini, ndiyo dawa yenyewe: matone mawili matatu ndani ya valvu, sindano nayo inapakwa, inaingizwa wima bila kuzungushwa kwa nguvu. Mpira ukishajazwa hulazwa valvu ikiwa chini, ili ile gliserini ikae mlangoni. Mafuta ya mgando yasikaribie hapo. Hayo hulainisha leo, na kesho mpira wa valvu umevimba na kulegea kwa sababu mafuta ya petroli huula mpira wa asili.

Mapovu yakitoka kwenye mishono, basi blada imetoboka. Hapa wengi hukosea: huona povu limetokea upande wa kushoto wakafumua upande wa kushoto. Upepo ukishatoka kwenye blada hutambaa chini ya ngozi na kutafuta mshono uliolegea kuliko mingine, hata ukiwa mbali na tundu. Fundi viatu mzoefu, wa Marikiti au Mwembe Tayari, hajali povu liko wapi. Hufumua karibu na valvu, kwa kuwa huko blada imeshikamana na ngozi na ndiko inakoweza kufuatwa bila kuchanwa. Mpira wa kawaida una vipande 32, 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano. Hukata nyuzi za pande mbili au tatu za kipande kimoja tu, anaacha mwanya wa kupitisha vidole vinne, na kabla ya kukata hutia alama za kalamu kuvuka mshono ili matundu yapate kukutana na wenzake baadaye.

Tundu la blada huzibwa kama tyubu ya baiskeli: kusugua kwa msasa mpaka mng'ao uishe, kupaka solushen, kungoja ikauke mpaka isinase kidole, ndipo kiraka kibandikwe na kukandamizwa. Kungoja huko ndiko kunakowashinda watu. Kiraka kilichobandikwa solushen ingali mbichi hung'oka mpira ukipigwa kichwa mara ya pili.

Kilicho kitamu kutazama ni kushona. Uzi wa nailoni unavutwa kwenye nta mara kadhaa, una sindano kila ncha. Sindano mbili hupita tundu moja zikipishana, moja ikienda na nyingine ikirudi, na matundu ni yale yale ya zamani. Kutoboa jipya ni kudhoofisha ukingo. Mpaka mwanya unapobaki wa vidole viwili, fundi anaweza kukaza kila mshono. Baada ya hapo mkono hauingii tena, basi hushona ule uliobaki ukiwa wazi, nyuzi zimelegea kama kamba za kiatu, halafu huzivuta zote kwa pamoja mpaka midomo ya ngozi ikaingia ndani na kufungana. Fundo la mwisho husukumwa ndani kwa ncha ya sindano. Ukimwuliza mbona hakazi tangu mwanzo, atakwambia, "Nikikaza sasa, mwanangu, nitafungia mkono wangu ndani." Mpira uliobandikwa kwa joto bila nyuzi haufunguki hivyo. Huo ukitoboka blada, ngozi yake hukatwa ikawa viraka vya mingine.

Kuhusu kujaza, kipimo cha sheria za mpira wa miguu ni kati ya angahewa 0.6 na 1.1 juu ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, ambayo kwa geji nyingi za hapa husomeka takriban psi 8.5 hadi 15.6. Mpira wa mazoezi kwenye uwanja wa kokoto nauwekea 9 au 10, na sioni sababu ya kuzidisha. Usipokuwa na geji, uachie kutoka usawa wa kichwa juu ya saruji: unapaswa kurudi kati ya kiuno na kifua. Kompresa ya fundi wa pancha isitumike kamwe, kwa kuwa imekusudiwa magurudumu na hupita kiwango cha mpira kabla mkono haujaachia.

Na joto lina hesabu yake. Mpira uliojazwa 11 asubuhi, hewa ikiwa nyuzi 28, ukifungiwa kwenye buti la gari au kontena la bati mpaka ndani kufike nyuzi 50, husoma karibu 13 bila mtu kuupiga pampu. Uliokuwa 15 huvuka kiwango. Ndiyo maana siku za kaskazi, Disemba mpaka Machi, mipira hufa ikiwa imekaa tu. Ya kuwekwa muda mrefu hupunguzwa upepo mpaka kidole gumba kibonyeze bila taabu, lakini isiachwe bapa kabisa, kwa sababu ngozi iliyokunjwa hubaki na mkunjo.

Nyavu zina mafundi wao, nao wako karibu zaidi kuliko makocha wengi wanavyofikiri. Mvuvi wa Bandari ya Kale anayeshona wavu wake ana kila kinachohitajika kuponya wavu wa goli: sindano ya mbao iliyojazwa uzi, na kijiti cha kupimia jicho. Kabla ya kwenda kwake, jaribu uzi wenyewe. Uusokote na kuuvuta. Ukitoa unga mweupe na kukatika kwa urahisi, jua limeshaula na hakuna kiraka kitakachoshika, maana kitang'oka pamoja na macho yaliyokishikilia.

Ukiwa mzima, mvuvi huanza kwa kukata zaidi, jambo linalowatisha wenye wavu. Husafisha tundu mpaka juu libaki fundo moja lenye miguu mitatu, chini lingine kama hilo, na mafundo yote ya kati yawe na miguu miwili. Huanzia la juu, huteremka mstari kwa mstari na kumalizia la chini, kila jicho likipimwa kwa kijiti. Akianza pasipo fundo la miguu mitatu, mwishoni hubakiwa na uzi usio na mwenzake, na kiraka huvuta upande. Uzi uwe wa kusokotwa na unene ule ule. Uzi mwembamba wa mshipi haufai, kwa kuwa hukata nyuzi za jirani kama kisu.

Wavu wa voliboli ulegezwe mchezo ukiisha, usilale umekazwa. Kwenye stoo hutundikwa kwenye kigingi cha mbao. Msumari huota kutu kwa upepo wa bahari, na kutu hiyo hula nailoni pale pale wavu unapoegemea.

Stoo za nyumba za Mji wa Kale zina kuta za mawe ya matumbawe, ambazo hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa chumbani, zaidi wakati wa masika, na Mei ndiyo kali kuliko miezi yote. Mikeka ya karate ya sponji iwekwe juu ya mbao, shibiri moja mbali na ukuta, na isimamishwe kwa ukingo ili hewa ipite katikati. Ikilazwa moja juu ya nyingine, ile ya chini huota madoa meusi. Madoa ya juu juu huondoka kwa kikombe kimoja cha jiki katika vikombe kumi vya maji, dakika kumi, kisha kusuuza kwa maji matamu na kuikausha kabla ya kuirudisha. Doa lililoingia ndani ya sponji halitoki, na kipande hicho hutolewa. Vilivyobaki hubadilishana nafasi kila masika yakiisha: vya katikati, vilivyokanyagwa zaidi, huenda pembeni, na vya pembeni huja katikati.